Shajara ya mradi: kuziba matundu ya mabomba, bafu la ghorofani, Tanga

Jumamosi, kuangalia kazi

Nyumba ni ya ghorofa moja hapa Tanga mjini, bafu liko juu na chini yake ni sebule. Mama mwenye nyumba ana malalamiko mawili, la kwanza dari la sebule lina doa la kahawia pembeni pale bomba la choo linaposhuka, la pili mende. Mende wa usiku, anasema ukiwasha taa bafuni saa sita unawaona wanakimbilia nyuma ya choo na chini ya sinki, na kila dawa ameshapuliza. Kwake ni matatizo mawili tofauti, ameshaita fundi wa kuvuja na ameshaita watu wa dawa, na kila mmoja alifanya lake akaondoka.

Mimi nilipopiga magoti na tochi nyuma ya choo nikamwambia mama, hilo ni tatizo moja. Pale bomba la inchi 4 linapoingia sakafuni kuna ufa mwembamba unaozunguka bomba lote, kucha inaingia, na pembeni ya ufa kuna vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Hayo ni mavi ya mende. Ukiyaona yamejipanga kwenye ukingo wa tundu ujue hapo ndio mlango wao, hawapiti tu, wanaishi. Na mlango ambao mende anapita maji hayawezi kushindwa kupita.

Ila sikumwambia tuvunje siku hiyo hiyo. Kuna mafundi wengi wakiona doa kwenye dari wanavunja tailsi moja kwa moja, afu wanakuta bomba lenyewe ndio lilikuwa limepasuka kwenye joint na sakafu haina kosa. Kwanza ujue maji yanatoka wapi.

Jumapili, kutafuta maji yanapita wapi

Tulitoa kipande cha jipsam pale kwenye doa ili tuone chini ya zege kwa macho. Bafu lilikaa bila kutumika tangu jana yake usiku ili pakauke.

Jaribio la kwanza ni mabomba ya maji safi. Tukafunga koki zote za nyumba, dogo ninayefanya naye kazi akakaa kwenye mita anaangalia kile kigurudumu kidogo. Hakikusogea kabisa, basi upande wa maji ya presha uko salama.

Jaribio la pili ni bomba la maji machafu lenyewe, ila sakafu inabaki kavu. Tukaflashi choo mara kadhaa, tukajaza sinki tukaliachia lote kwa mpigo, tukamimina ndoo taratibu moja kwa moja kwenye mdomo wa floo trapu, lile tundu la sakafuni la kutolea maji, bila kulowesha tailsi. Mimi niko chini na tochi, nimezungushia toilet pepa kwenye kila joint maana toilet pepa inaonyesha hata tone ambalo jicho halioni. Pepa ikabaki kavu. Kwa hiyo joint nzuri, gundi ilishika.

Jaribio la tatu ndio lenyewe. Tukaziba floo trapu kwa mpira wa kuzibia, tukaweka kizuizi cha mota mlangoni, tukamwaga maji sakafuni kina cha kama sentimita 2. Nikakaa chini. Kama nusu saa hivi hakuna kitu, mama akaanza kuniuliza, "Fundi, una uhakika?" Nikamwambia subiri mama, zege linakunywa kwanza. Baadaye kidogo likaja tone moja, likashuka likiwa limelambana na bomba la choo, halikudondoka, limeteleza kwenye mgongo wa bomba mpaka kwenye elbo, pale bomba linapopinda, ndio likaanguka. Na likaja lingine. Mama mwenyewe aliona.

Hii ndio sababu doa la dari halikuwa chini ya tundu kabisa, lilikuwa pembeni, pale elbo ilipo. Maji yakishapata mgongo wa bomba yanaweza kusafiri mbali kabla hayajaanguka, ukitafuta tundu juu ya doa hutaliona.

Jumatatu, kuvunja

Tulikubaliana na mama tailsi za sakafu zitoke zote. Bafu ni dogo, mita 1.5 kwa 2, na chini ya tailsi hapakuwa na wotaprufu yoyote, ni mota tu juu ya zege. Ningeweza kufungua miraba ya sentimita 40 kuzunguka kila bomba tu, ila maji yanayopenya kwenye grauti ya tailsi yangetembea chini mpaka yafike kwenye kiraka changu, na kiraka kisichoungana na kitu chochote kina ukingo wake, maji yanauzunguka.

Tulipofika kwenye bomba la choo ndio tukaona kazi ya zamani. Waliopitisha bomba walitoboa zege kwa tindo, tundu likawa na upana wa karibu sentimita 20 kwa bomba la sentimita 11. Hilo si kosa, tundu la tindo huwa linakuwa hivyo. Tatizo ni walichojazia. Kuna makaratasi ya mifuko ya saruji yamesokotwa yakasukumwa chini ili mota isidondoke, kuna vipande vya tofali, na juu ndio mota ya unene wa kama sentimita 3, imepigwa niru ikapendeza. Yale makaratasi yalikuwa yamelowa meusi na ndani yake mende wamejaa, na vifuko vya mayai. Mende wale wadogo wa kahawia kifuko kimoja kinabeba mayai kama 30 hadi 40, kwa hiyo unaweza kupuliza dawa kila wiki na bado pale chini kuna shamba lao, karatasi lenye unyevu, giza, na joto. Dawa haifiki. Nilimwonyesha mama akashika mdomo.

Sasa kwa nini ile mota ya juu ilipasuka, maana hata wangejaza mota tupu mpaka chini bado ungeona ule ufa. Sababu ni tatu. Saruji ikikauka inasinyaa kidogo, inajivuta yenyewe kutoka kwenye bomba. Halafu PVC ni laini, inateleza, saruji haina pa kung'ang'ania. Na bomba lenyewe halikai kimya, PVC inarefuka na joto, bomba la mita 3 likipata joto la digrii 30 zaidi linaongezeka kama milimita 6 kwa urefu. Maji ya moto ya kuoga yakishuka linarefuka, yakiisha linarudi. Kila siku linasugua ile mota kidogo kidogo. Kwa hiyo saruji inashikilia na inajaza, ila kuziba haizibi. Anayeziba ni kitu kinachovutika. Kazi yangu yote hapa imesimama juu ya hilo.

Tukatoa uchafu wote mpaka tukaona mwanga wa sebuleni. Kwenye ukingo wa tundu kulikuwa na nondo moja imejitokeza, hiyo hatukuigusa isipokuwa kuisugua kutu kwa brashi ya waya na kuipaka. Usikate nondo ya slabu kwa ajili ya kupata nafasi, hata kama inakukera.

Jumanne, kuandaa bomba na kujaza zege

Kwanza nililifunga bomba kwa klempu chini ya slabu. Kabla ya hapo lilikuwa linaning'inia kwenye ile mota ya zamani, ukikaa kwenye choo linasogea. Silanti yoyote duniani, ile gundi ya kuzibia inayovutika, itachanika kama bomba linapigwa kila mtu akikaa. Kwa hiyo klempu kwanza, ndio uzibe.

Halafu ile sehemu ya bomba itakayokuwa ndani ya zege nikaisugua msasa mpaka ule mng'ao ukaondoka, nikaifuta vumbi, nikapaka gundi ya PVC kuizunguka, na kabla gundi haijakauka nikairushia mchanga mkavu wa chenga. Inakauka inakuwa na ngozi ya mchanga. Hapo saruji ina kitu cha kushika. Haichukui muda na vifaa ni vile vile ulivyonavyo site, sijui kwa nini mafundi wengi wanairuka. Zingatia tu kwamba mchanga usipande kwenye zile sentimita 2 za juu, pale tutaweka silanti na silanti inataka sehemu safi.

Chini nikaweka fomwek, ubao wa plaiwudi nimeukata vipande viwili kila kimoja na nusu duara ya bomba, tukaukaza kwa waya wa kufungia nondo na nguzo kutoka sakafu ya sebule. Ukingo wa zege la zamani nikauchimba uwe na makovu, nikaumwagia maji asubuhi na mchana, afu nikasubiri maji ya juu yaondoke pabaki unyevu tu. Zege kavu linanyonya maji ya mchanganyiko mpya na pale kwenye muungano panabaki unga.

Nimetumia grauti ya mfuko isiyosinyaa, na nikaongeza kokoto ndogo kwa sababu tundu lina kina. Maji ni yale yaliyoandikwa kwenye mfuko, usiongeze ili itiririke vizuri, ukiongeza maji umerudisha kusinyaa uliyolipia pesa ikuondokee. Slabu ina unene wa sentimita 15. Tulijaza kwa awamu mbili, ya kwanza kama sentimita 10, tukashindilia kwa fimbo ya nondo kuzunguka bomba pande zote maana nyuma ya bomba, upande wa ukuta, ndio hewa hubaki. Ya pili kesho.

Jumatano, awamu ya pili na mfereji

Kabla ya kumwaga awamu ya pili nikamimina maji kidogo juu ya ile ya kwanza, dogo akiwa chini. Hakuna kilichotokea kwa saa nzima. Hii inaniambia zege limeshika ukingo.

Kisha nikazungushia bomba ukanda wa sponji wa milimita 12 unene, kimo chake sentimita 2, usawa wa juu ya slabu. Grauti ikamwagwa mpaka usawa wa sponji. Ikishakaza kiasi unachomoa sponji, unabaki na mfereji mzuri unaozunguka bomba, zege upande mmoja na PVC upande mwingine. Huo mfereji ndio nyumba ya silanti. Wengi huwa wanapaka silikoni juu juu pembeni ya bomba baada ya tailsi, inashika milimita 2 tu, mwaka haujaisha imebanduka kama ganda. Silanti inataka mwili, ili bomba likisogea ivutike bila kuachia.

Tukafunika na magunia yaliyolowa. Joto la Tanga mwezi huu ni kali na bila kumwagilia zege linapasuka.

Wakati huo huo tulifanya floo trapu hivyo hivyo, bomba lake ni la inchi 2. Sirudii maelezo, tofauti ni moja tu, mdomo wa trapu lazima ukae chini kidogo ya usawa wa wotaprufu ili maji yanayopenya chini ya tailsi yaweze kuingia ndani yake, yasizungukie nje. Na nimehakikisha trapu yenyewe ni ile inayobaki na maji kina cha sentimita 5. Mama alikuwa na trapu ya bei rahisi yenye kikombe, kikombe chenyewe kilishatolewa siku nyingi kwa sababu kinazibwa na nywele. Bila kikombe hakuna maji, na bila maji lile ni bomba wazi mpaka kwenye chemba. Mende wakubwa wekundu wa kwenye chemba wanapanda humo. Ningeziba matundu yote vizuri na bado mama angewaona, angeniambia kazi yako bure.

Alhamisi, ukuta wa nje

Wakati sakafu inakomaa nikahamia kwenye sinki. Bomba la sinki la inchi 2 linatoka kwenye ukuta wa nje wa tofali za inchi 6, linaungana na bomba linaloshuka nje. Kwa ndani kuna rozeti, kile kisahani cha kufunika tundu la bomba, ukiivuta unakuta tundu la kuingia ngumi limejazwa fomu ile ya kupuliza. Kwa nje wamelamba mota nyembamba.

Ile fomu niliichomoa kwa mkono, imetobolewatobolewa na sisimizi, ndani wametengeneza vijia na mayai yao. Fomu hiyo ya kupuliza ni nzuri kushikilia fremu ya mlango ila sisimizi wanaichimba, na ukiikata ule uso wa juu inakunywa maji. Isitumike peke yake kuzibia bomba, wala usiiweke mahali pa kumzuia mdudu.

Na upande huu unaangalia baharini. Masika ikianza mvua inakuja na upepo ule wa kusi inapiga ukuta, maji yanafuata mgongo wa bomba yanaingia ndani, yanashuka ndani ya plasta, mama alikuwa na rangi inayovimba chini ya sinki na alidhani sinki linavuja. Nilipima bomba kwa pima maji, kumbe lilikuwa limelala kuelekea ndani kidogo. Tukalirekebisha liinamie nje, kama sentimita 1 kwa urefu ule wa ukuta, hapo hata maji machafu yanatoka vizuri na mvua haina njia ya kupanda.

Kuziba: msasa na mchanga kwa bomba kama kule, mota ya 1 kwa 3 imeshindiliwa katikati ya ukuta kutoka pande zote mbili, nikaacha mfereji wa milimita 10 ndani na nje. Nje nitaweka silanti ya PU, yaani poliyurethani, na kuipaka rangi ya ukuta baadaye maana jua likiipiga moja kwa moja baada ya miaka inakuja kuchakaa. Ndani itakuwa silikoni.

Jioni kabla ya kuziba mifereji nilifanya jaribio ambalo napenda kumwonyesha mwenye nyumba. Nikafunga mlango na dirisha, nikawasha feni ya kutolea hewa, nikashika udi unaowaka karibu na kila tundu, hata zile za bomba za maji ya kuoga. Mahali pasipo na tundu moshi unapanda wima. Kwenye bomba la maji ya moto ya shawa, nyuma ya rozeti, moshi ukasukumwa pembeni, hewa inatoka ndani ya ukuta. Panapopita hewa mdudu anapita. Mama akaniambia, "Sasa hilo mbona hakuna aliyewahi kuniambia," nikamwambia basi safari hii tunalifunga nalo.

Jumamosi, silanti

Nimesubiri ili mfereji ukauke sawasawa. Silanti ya PU ikiwekwa kwenye zege lenye maji inatoa mapovu na haishiki, na silikoni ndio kabisa, inakaa tu juu. Kupima: nikabandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote juu ya zege jana jioni, asubuhi nikakivua, chini yake hapakuwa na jasho wala rangi iliyokolea. Kungekuwa na jasho ningengoja.

Chini ya mfereji nikaweka kamba ya sponji, imebanwa kidogo. Kazi yake ni mbili, inapunguza kina ili usimwage silanti nyingi bure, na inazuia silanti isishike chini. Hili la pili ndio la maana. Silanti ikishika pande tatu, zege, bomba na chini, bomba likisogea silanti haina nafasi ya kuvutika inapasuka katikati. Ikishika pande mbili tu inavutika kama inavyotakiwa. Kina nilichobakiza ni milimita 10 kwa upana wa 12.

Bomba nikalifuta kwa spiriti, zege nikalipaka praima yake, nikabandika masking tepu pande zote, nikaminya silanti kwa bunduki kutoka chini kuja juu nikizunguka bila kusimama, nikaifinya kwa kisu cha plastiki nilichokilowesha maji ya sabuni ili ishike kuta zote mbili, nikavua tepu ikiwa bado mbichi. Nyuma ya bomba mkono haufiki, hapo nimekata ncha ya bomba la silanti kwa mkao wa pembe na kutumia kioo kidogo kuona. Usimalize kwa kuangalia mbele tu, uvujaji wa zamani nao ulikuwa upande wa ukutani.

PU inakomaa kama milimita 2 hadi 3 kwa siku kulingana na unyevu wa hewa, kwa hiyo hii ya milimita 10 naiacha mpaka katikati ya wiki. Mama akauliza kama anaweza kutumia choo usiku, nikamwambia hapana mama samahani, tumieni cha chini.

Alhamisi, wotaprufu

Tumepaka ile ya saruji na maji ya mpira, ya kuchanganya. Kabla ya kupaka sakafu nzima nilikata kitambaa cha wavu, kipande cha mraba chenye tundu dogo kuliko bomba, kikivutwa kwenye bomba kinapanda kama kola. Kola imepanda bomba sentimita 5 na imelala sakafuni sentimita 15 kila upande, imezamishwa kwenye mkono wa kwanza ukiwa mbichi. Mkono wa kwanza nimepaka kwa kuelekea mlangoni, wa pili kwa kukata msalaba, na kuta nimepandisha sentimita 20, pale kwenye shawa mpaka mita 1.8.

Bomba la choo sijalikata. Limebaki refu, kama sentimita 15 juu ya zege, na litakatwa baada ya tailsi kuwekwa, usawa unaotakiwa na kiungio cha choo. Fundi akilikata mapema halina shingo ya kupandishia kola, wotaprufu inaishia ukingoni mwa tundu na maji yanarudi pale pale.

Jumatatu, jaribio la maji

Mpira kwenye floo trapu, kizuizi mlangoni, maji kina cha sentimita 3. Kwa bafu la mita 3 za mraba hayo ni lita 90, slabu haina shida nayo. Nikachora mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa maji, tukaacha saa 24. Chini toilet pepa imezungushwa mabomba yote mawili, mama akawa anapita kuiangalia kuliko mimi.

Jumanne

Maji yameshuka milimita 2 hivi kutoka kwenye mstari. Hiyo ni kukauka tu hewani, dirisha lilikuwa wazi. Chini pepa kavu, zege kavu, nimepitisha kiganja kuzunguka bomba lote hakuna baridi ya unyevu. Kungekuwa kumeshuka sentimita, ningetafuta kwanza kwenye trapu na kona za ukuta kabla ya kulaumu bomba.

Usiku dogo akaweka tochi kali chini ya dari imeelekea juu kwenye bomba, mimi bafuni nimezima taa. Giza tupu. Wiki mbili nyuma ningeona mwezi mwembamba wa mwanga pale.

Tukamruhusu fundi wa tailsi aanze. Nimemwachia maagizo mawili tu, asitoboe sakafu kwa msumari wowote, na kuzunguka mabomba aache nafasi ya milimita 5 asijaze grauti, nitajaza silikoni mimi.

Ijumaa, kumalizia

Tailsi zimekauka. Silikoni niliyotumia ni ya aina isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inaweza kula shaba, na fitingi za shawa zina nyuzi za shaba. Kwenye bomba za shawa nimetoa rozeti, nikajaza silikoni kati ya tailsi na fitingi mpaka tundu lote limefungwa, ikakauka, ndio nikarudisha rozeti. Rozeti yenyewe nimeizungushia silikoni juu na pembeni, chini nimeacha wazi makusudi. Siku fitingi ikivuja ndani, maji yatatoka hapo chini ya rozeti na mama atayaona siku ile ile. Ukifunga pande zote yanaingia ukutani kimya kimya. Mdudu hana shida, tundu lenyewe lililo nyuma limeshazibwa.

Choo nacho hivyo hivyo, silikoni mbele na pembeni, nyuma nimeacha kama upana wa vidole vitatu. Kiungio kikivuja maji yatajitokeza nyuma pale badala ya kulala chini ya choo.

Udi tena, moshi umepanda wima kila mahali isipokuwa chini ya mlango, ambapo ni kawaida hewa kuingia. Kwenye kona mbili nimeweka karatasi za gundi za kunasa wadudu. Mende waliobaki ndani ya nyumba hawaondoki kwa kuzibiwa, wanatakiwa wanaswe na wale dawa ya jeli jikoni, kwa hiyo nimemwambia mama asishangae kuona mmoja mmoja kwa muda. Akiona wadogo wadogo weupe bafuni aniite, hao wametoka kuzaliwa au kujivua ngozi hapo karibu, maana yake kuna shimo sijalifikia.

Dari la sebule fundi wa jipsam alitaka kufunga moja kwa moja. Tumemwambia aweke mlango mdogo wa sentimita 30 chini ya elbo. Mvua za masika zikianza nitapita na tochi, niangalie bomba la choo na upande wa ndani wa ule ukuta wa sinki.